Orodha Iliyofika Kabla ya Kuandikwa

Philbert alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na watu wa namna hiyo ndio huumia kwanza. Chama cha ushirika cha wafugaji, chenye makao makuu Iringa, kilipotangaza kwamba hakuna mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, atakayepokea simu ya mfugaji moja kwa moja, wenzake wote waliitikia kwa vichwa kisha wakaendelea kupokea simu kama kawaida. Yeye peke yake alibadilisha laini. Alitaka hata shemeji zake wasimpate wakitaka kuruka foleni.

Utaratibu wenyewe haukuwa mbaya. Mfugaji akiona ng'ombe wake ameingia kwenye joto, anatuma ujumbe mfupi kwenye namba ya ushirika. Alfajiri mtambo wa Iringa unakusanya jumbe zote, unapanga orodha ya kila eneo, na kila mhimilishaji anapata barua pepe yenye kiambatanisho: jina la mfugaji, mahali, na maneno aliyoandika. Ng'ombe aliyeonekana na joto jioni anahudumiwa asubuhi yake. Akichelewa, ndiyo basi, mpaka wiki tatu zipite.

Jumatano hiyo Philbert aliamka kwake Uyole, baridi ya Juni ikiwa imeganda kwenye vioo vya madirisha, akafungua simu akiwa bado chini ya blanketi. Barua ilikuwa imefika, kama ilivyofika kila siku bila kukosa. Akafungua kiambatanisho. Jedwali zuri, lenye nembo ya ushirika juu, vichwa vya habari vimeandikwa kwa herufi nzito, na chini yake weupe mtupu. Hakuna jina hata moja.

"Imepokelewa. Mbarikiwe," akajibu, kwa sababu ndivyo walivyojibu wote, kisha akaenda zake shambani kuvuna viazi.

Wala usimwite mvivu. Mwanzoni weupe ule ulimshangaza. Siku ya kwanza alidhani ni bahati, wiki ya kwanza akasema labda ni mambo ya mvua, watu wako mashambani, nani ana muda wa kutazama ng'ombe. Baadaye akazoea. Viazi vyake mwaka huo vilipaliliwa vikapendeza mpaka majirani wakauliza anatumia mbolea gani. Mtu akipewa mapumziko na ofisi kwa barua yenye nembo, atayakataa kwa misingi ipi?

Mchana mkewe, Frida, alirudi kutoka mlimani kwa mama yake, alikokuwa amelala siku mbili. Alipita mlangoni bila salamu. Akapika, akaweka sahani ya ugali mbele ya mumewe kwa kishindo, mchuzi ukamwagika kidogo mezani, na hakuufuta.

"Kuna nini?" Philbert akauliza.

"Kula kwanza."

"Frida, mimi siwezi kula na uso huo mbele yangu."

Frida akakaa. "Jumamosi ng'ombe wa mama anakwenda buchani. Aroni ameshaongea na mchinjaji. Wanasema ng'ombe ni tasa."

Philbert akaweka tonge chini. Alimjua yule ng'ombe. Mama Tupokigwe alimpata akiwa ndama kwa mpango wa kanisa wa kukopeshana mifugo, akamlea kwa majani ya kubeba kichwani, na maziwa ya mzao wake wa kwanza ndiyo yaliyomvusha mwaka ule baada ya baba mkwe kufariki. Mama hakuwa na ng'ombe mwingine. Aroni, shemeji yake mkubwa, hakuwa mtu mbaya, lakini hakuona sababu ya kulisha mdomo usiotoa kitu.

"Tasa vipi? Yule kazaa!"

"Ulimpandisha lini tangu azae?" Frida akamkazia macho. "Mama alituma ujumbe. Hukuja. Ng'ombe akaingia tena kwenye joto, akalia usiku kucha, mama akatuma tena. Hukuja. Aroni anauliza, huyu mkwe wetu anapita Uyole nzima na pikipiki ya ushirika, kwetu tu ndiko barabara imeisha?"

"Sijaona ujumbe wowote. Naapa."

"Usiniapie mimi."

Philbert alielewa uzito wa jambo kuliko Frida alivyolitamka. Yeye ni mtu wa Ilula, upande wa Iringa, lakini miaka ya kuishi na Wanyakyusa ilimfundisha kwamba mama mkwe wake ni wa kizazi cha heshima za zamani. Mama huyo hamtazami mkwewe usoni. Hali naye meza moja. Kumpigia simu mwanaume aliyemwoa binti yako na kumwambia kwamba ng'ombe anataka dume, hilo lisingetoka kinywani mwake hata kwa kuchomwa moto. Ndiyo maana namba ile ya Iringa ilikuwa kwake neema kubwa. Aliweza kuiambia mashine, mashine ikamwambia mkwe, na aibu ya kila mtu ikabaki mahali pake.

Sasa mashine ilikuwa imenyamaza, na ukimya ule mama aliusoma kama dharau.

"Mwambie atume tena," Philbert akasema. "Siku zenyewe si zinakaribia?"

"Zinaingia wiki hii hii. Nimemwambia. Kasema hapigi magoti mara ya tatu." Frida akainuka, hatimaye akafuta mchuzi. "Mimi sibebi maneno tena kati yenu. Mficha uchi hazai, Philbert. Nenda mwenyewe."

Kabla ya kwenda popote, akampigia Yusta. Yusta ndiye aliyekuwa akitunza mitambo ya ushirika pale Iringa, dada mchangamfu mwenye kujivunia kazi yake, na haki ya kujivunia alikuwa nayo. Tangu aajiriwe, barua ile haikuwahi kukosa hata siku moja.

"Orodha yako iko tupu?" Yusta akacheka. "Kaka Philbert, subiri nifungue. Mbona hii hapa imejaa? Leo una ng'ombe wanne. Uyole wawili, mmoja huko juu, mmoja karibu na stendi."

"Wanne?"

"Wanne. Simu yako imejaa picha, futa video za kwaya. Wenzako wote wamepata. Tazama, Njombe imepokelewa, Mafinga imepokelewa mbarikiwe, meneja mwenyewe imepokelewa mbarikiwe."

Philbert alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa mpole, lakini alikuwa amemaliza tu kula ugali wa shutuma. "Dada Yusta, nakuheshimu. Sasa niambie, mimi nimelewa? Nakutumia picha ya kioo cha simu." Akaituma.

Kisha Yusta akafanya jambo ambalo, atakuja kukiri baadaye kwa kucheka na kujipiga paji la uso, hakuwahi kulifanya tangu Pasaka. Aliacha kutazama faili lililoko kwenye folda ya ofisi, akaingia kwenye kisanduku cha barua zilizotumwa, akafungua kiambatanisho kile kile alichopelekewa Philbert.

"Uwii," akasema. "Uwii, jamani."

"Kuna nini?"

"Ni tupu. Ya jana tupu. Ya juzi tupu. Kaka, usikate simu."

Akaanza kusoma kwa sauti, na Philbert, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa wa ng'ombe, akamfuata hatua kwa hatua. Usiku wa manane mtambo unahifadhi orodha ya siku iliyopita na kuweka fomu mpya yenye nembo na vichwa tu. Alfajiri programu moja inavuta jumbe kutoka kampuni ya simu na kuijaza ile fomu. Programu nyingine inachukua faili lililoko kwenye folda na kulituma. Hizi mbili hazijuani. Kila moja ina saa yake, inaamka, inafanya kazi, inalala.

"Zamani ya kujaza ilikuwa inatangulia," Yusta akasema polepole. "Baada ya Pasaka meneja akaniambia anataka orodha iwe mkononi kabla ya ibada ya asubuhi, aitangazie ofisi. Nikaiwahisha saa ya kutuma. Ile ya kujaza sikuigusa, nilidhani inafanya kazi usiku. Kumbe barua inaondoka na fomu nyeupe, halafu ndipo majina yanaingia. Nikija mimi kazini nakuta faili limejaa, nafurahi."

"Kwa hiyo mtambo haukuwahi kulalamika?"

"Ulalamike nini? Uliambiwa utume faili, ukatuma. Faili lilikuwepo. Na ninyi mkasema imepokelewa!"

Philbert akauliza jambo lililokuwa likimkera: hao wa Njombe na Mafinga, wamefanyaje kazi wiki zote hizi bila orodha? Yusta akacheka kwa uchungu. Wamefanya kazi kwa simu walizokatazwa kupokea. Wafugaji wao wanawapigia tu. Mtu pekee aliyetii agizo ndiye aliyekaa bila ng'ombe, akivuna viazi.

"Nipe orodha zangu za nyuma," Philbert akasema.

Zikafika zote, zimejaa. Majina ya watu aliokutana nao sokoni kila siku wakamjibu salamu kwa nusu mdomo, naye asijue kwa nini. Akayasoma yote mpaka akafika kwa mama. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na adabu zake zote: "Shikamooni huko ofisini. Mimi Tupokigwe wa huku mlimani. Ng'ombe wangu ameanza joto jioni hii. Naomba mtu aje. Asanteni sana." Wa pili ulikuwa umepungua: "Ni Tupokigwe. Ng'ombe joto tena. Naomba."

Philbert akamwonyesha Frida simu. Frida akasoma, akafunika mdomo kwa kanga, akalia kidogo, na hasira yake yote ikaishia hapo hapo.

Alhamisi asubuhi Yusta alikuwa mbele ya meza ya meneja. Bwana Sedekia, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na nia njema, hakupenda kusikia kwamba barua yake ya kabla ya ibada ndiyo chanzo. Akasema jambo ni dogo, irudishwe saa ya zamani, yaishe. Yusta alimsimulia Philbert baadaye kwa simu jinsi alivyokataa.

"Nilimwambia, mzee, nikirudisha saa tu, siku kampuni ya simu ikichelewesha jumbe tutarudi pale pale. Barua isiangalie saa. Iangalie orodha. Orodha ikikamilika, yenyewe ndiyo iiamshe barua. Na kama kweli hakuna ng'ombe, iandikwe kwa maneno, leo hakuna ombi. Na ikikwama, mimi nipigiwe kelele. Weupe mtupu usitoke tena humu ndani."

"Akasemaje?"

"Akasema, na ibada? Nikamwambia orodha inaweza kuchelewa ibada, mzee. Akanitazama! Halafu akafungua simu yake, akaanza kufungua viambatanisho vya nyuma, kimoja baada ya kingine. Alifungua vingi. Mwisho akasema, binti, mimi nimekuwa nikimshukuru Mungu hadharani kwa karatasi tupu. Fanya ulivyosema."

Siku hiyo Yusta alituma orodha kwa mkono, na Philbert akazunguka mpaka mgongo ukamuuma. Kila nyumba alianza kwa kuomba radhi, kila nyumba akasutwa kwanza ndipo akaonyeshwa ng'ombe. Jina la mama mkwe halikuwemo.

Alasiri akapanda mlimani. Njia ilikuwa ya utelezi, pikipiki ikamshinda mara mbili, akafika na matope mpaka magotini. Mama Tupokigwe alikuwa jikoni, mlango wazi, akimenya viazi. Alipomwona aligeuka akaupa ukuta uso, kama heshima inavyotaka. Philbert akakaa nje kwenye kigoda, naye akalipa uso banda la ng'ombe. Wakasalimiana hivyo, kila mmoja akitazama kwake.

Sasa atasemaje? Habari yote ilikuwa ya joto la ng'ombe, na neno hilo halikuwa na njia ya kupita kati yao. Alijikuna, akakohoa, akaanza.

"Mama, nimekuja kueleza kosa la huko Iringa."

Kisu kikaendelea kumenya.

"Huko kuna watu wawili. Mmoja anapika, mmoja anapeleka mezani. Walikuwa wanaelewana. Mkubwa wao akasema chakula kiwahi. Yule wa kupeleka akaanza kuwahi, lakini wa kupika hakuambiwa. Basi kila siku nilikuwa naletewa sahani. Safi, imeoshwa, imefunikwa. Nafunua, hamna kitu. Chakula chenyewe kinaiva nyuma yake, kinabaki jikoni kinapoa."

Kisu kikasimama.

"Na wewe ukiona sahani tupu," sauti ya mama ikatoka ndani, polepole, "hukuuliza?"

Hilo ndilo swali ambalo Philbert alikuwa akilikwepa tangu jana. "Sikuuliza, mama. Nilisema asante. Nilidhani hakuna aliyepika. Hapo kosa ni langu, si la Iringa. Jana nimesoma kila kilichopikwa kwenye nyumba hii, mara zote mbili. Niliona aibu sana."

Akangoja. Bandani ng'ombe alikuwa akicheua taratibu, hana habari na Jumamosi. Aroni alikuwa amesimama pembeni ya zizi, mikono kifuani, akisikiliza.

"Nimesikia," mama akasema, na kisu kikaendelea.

Nimesikia si ndiyo, na si hapana. Philbert akaaga, akateremka na ukungu ukimfuata mgongoni, akiwa amekata tamaa zaidi ya alivyopanda. Angeweza kumwomba Aroni amwangalizie ng'ombe, lakini angekuwa amempita mama mlangoni kwake mwenyewe, na huo ungekuwa ufidhuli wa pili.

Ijumaa alfajiri aliamka kabla ya barua. Saa yake iliyozoeleka ikapita, kimya. Frida akawasha jiko la mkaa, akachemsha chai, akamtazama mumewe akiitazama simu. Kule Iringa, Philbert alijua, walikuwa wameshaanza ibada bila orodha, na Bwana Sedekia alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo badala ya simu.

"Labda imekwama," Frida akasema.

"Ingekwama Yusta angenipigia."

Chai ilikuwa imeanza kupoa simu ilipotikisika mezani. Philbert akaogopa kufungua. Frida akamnyang'anya, akafungua yeye, akateremsha kidole chini, na chini, majina yakipita. Kidole kikasimama.

Akamgeuzia mumewe kioo.

"Tupokigwe. Ameanza jana saa mbili usiku, analia. Mwambieni mwanangu aje, nimemchemshia maji."

Mwanangu. Philbert akavaa koti huku akitafuta funguo, akafunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki, akasahau kofia, Frida akamfuata nayo mpaka barabarani. Wengine kwenye orodha wangehudumiwa wote siku ile ile, na walihudumiwa, lakini wa kwanza alikuwa huyo.

Alikuta ng'ombe ameshaingizwa kwenye kibanio na Aroni mwenyewe, ndoo ya maji ya moto iko tayari, kipande cha sabuni na taulo safi juu ya jiwe. Mama hakuonekana. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, moshi ukitoka juu ya bati. Philbert akauyeyusha mrija wa mbegu kwenye maji ya vuguvugu, akavaa glavu ndefu, akafanya kazi yake kwa utulivu kuliko siku yoyote aliyowahi kufanya. Ng'ombe alisimama kimya, kama aliyekuwa akingoja watu waache upuuzi wao.

"Mchinjaji nimeshampigia," Aroni akasema akimshikia mkia. "Nimemwambia asije huku mlimani. Alikasirika kidogo." Kisha, baada ya kuona haya kidogo, "Shemeji, mimi nilikusema vibaya."

"Hata mimi ningejisema."

Alipokuwa akinawa, mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama Tupokigwe akatoka, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama hatua chache tu kutoka kwake. Aroni akaacha mkia wa ng'ombe, mdomo wazi. Mama alikuwa ametazama chini, vidole vikisokota pindo la kanga, na Philbert naye akainamisha uso haraka kwenye ndoo.

"Huyu anaweza asishike," mama akasema.

"Inatokea, mama. Mara ya kwanza si wote wanaoshika."

"Basi asiposhika, joto lake likirudi," na neno likamtoka mama, likatua katikati yao, na mlima haukuanguka, "nitakupigia simu mwenyewe. Nitaongea kwa mdomo wangu. Nipe hiyo namba yako mpya."

Philbert, mtu wa taratibu, akafuta mikono kwenye taulo na kuanza kuitaja, tarakimu moja moja, huku Aroni akiiandika kwa mkaa kwenye nguzo ya banda.